Ameniomba nimchukulie ripoti yake kwa miezi mitatu: nimkatalieje bila kumpoteza?

Swali

Nashughulikia mishahara ya wafanyakazi 140, na kila mwezi lazima niifunge tarehe 25. Mwenzangu wa ngazi moja na mimi ndiye anayeandaa ripoti ya matumizi ya idara, inayotakiwa mezani kwa mkuu wetu tarehe 29. Sasa amepangiwa mradi mwingine wa miezi mitatu, na ameniambia: "Dada, naomba unishikie ile ripoti mpaka nimalize, ni kazi ya saa mbili tu." Mwezi uliopita alipougua niliifanya mara moja, ikanila kama saa saba zilizotawanyika siku tatu. Huyu kaka ndiye aliyenifundisha mfumo wa mishahara nilipoanza, kwa hiyo nikashindwa kusema hapana. Nilimjibu "nitaangalia", na keshokutwa anasubiri jibu. Sitaki kuichukua, wala sitaki tununiane. Nimwambie nini?

*Mwenye Mishahara*

Jibu

Dada yangu, anza na lile neno "nitaangalia", maana kila siku linapokaa hewani linakuharibia. Kwako lilikuwa njia ya kupata pumzi. Kwake ni nusu ya ndiyo, na mtu aliyepewa nusu ya ndiyo huacha kutafuta msaada kwingine. Ukimkatalia keshokutwa utakuwa umemnyima msaada, na juu yake umemlia siku ambazo angezitumia kutafuta njia nyingine. Hilo la pili ndilo linalouma zaidi, na watu wengi hawaligundui kwa sababu wanadhani kinachomkera mwenzao ni hapana yenyewe. Kwa hiyo leo hii, kabla hujatoka kazini, mtumie maneno machache: "Kaka, kuhusu ripoti, usinihesabu kwanza. Napiga hesabu ya siku zangu, kesho saa nne asubuhi nakupa jibu kamili." Umeshaiondoa ile nusu ya ndiyo, na umejipa usiku mmoja wa kufanya kazi halisi, yaani hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo mwili wa jambo lote. Mtu anayekataa bila kuhesabu hutoa sababu ya jumla, na sababu ya jumla haina pa kushika. Ukisema "nina kazi nyingi", atakujibu kwamba kila mtu ana kazi nyingi, na atakuwa amesema kweli. Ukisema "ile ripoti siijui vizuri", ataahidi kukufundisha, tena kwa moyo mweupe kabisa. Kila sababu anayoweza kuitatua ataitatua, na mwisho utabaki huna kitu mkononi isipokuwa kutotaka kwako, jambo ambalo ndilo ulilokuwa unaogopa kulitamka tangu mwanzo.

Chukua karatasi, igawe ile ripoti vipande kama ulivyoifanya mwezi uliopita. Tuseme saa zako saba zilikwenda hivi: nusu saa kuvuta takwimu kwenye mfumo, saa mbili kuoanisha takwimu hizo na ankara na hati za malipo, saa mbili kuwafuatilia watu ambao hati zao hazikulingana na kilichoingizwa, saa moja na nusu kuandika maelezo ya kila kifungu kilichozidi bajeti, na saa moja kurekebisha baada ya mkuu kuisoma na kuirudisha. Rekebisha namba hizi zifanane na zako, lakini vipande usiviunganishe.

Ukivitazama hivyo utaona kwamba mwenzako hakudanganya aliposema saa mbili. Anaikumbuka kazi kwa kile kipande anachokaa nacho mezani, cha kuoanisha. Kufuatilia watu hakukumbuki kama kazi, kwa sababu hufanyika kwenye korido na kwenye simu, dakika kumi huku, robo saa kule. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu tabia hii mwaka 1979: mtu anapokadiria muda wa kazi hujichorea picha ya kazi ikienda vizuri, wala harudi kuangalia ilichukua muda gani safari zilizopita. Wewe unayo safari iliyopita. Saa saba zako ni kumbukumbu, saa mbili zake ni picha. Usizitumie kumuumbua. Zitumie kujiaminisha mwenyewe kwamba hukatai kazi ndogo.

Sasa geukia upande wako. Chukua siku nne za kufunga mishahara, tarehe 22 hadi 25, na tuseme zote ni siku za kazi: hizo ni saa 32. Kupokea na kuhakiki fomu za mabadiliko, yaani walioajiriwa, walioacha, likizo bila malipo na saa za ziada, weka saa 7. Kuziingiza kwenye mfumo, saa 8. Kuendesha hesabu ya majaribio na kuilinganisha na ya mwezi uliopita jina kwa jina, saa 6. Marekebisho, saa 4. Kufuata saini na kutuma faili benki, saa 2. Hapo ni 27. Vikao na wafanyakazi wanaokuja kuuliza, saa 3. Umebakiwa na saa mbili kwa siku nne, na hizo ndizo zinazokuokoa mtu mmoja anapoleta fomu ya saa za ziada jioni ya tarehe 24. Tarehe 26 hali ni tofauti kidogo: maswali ya watu waliopokea hati zao za mshahara, saa 3, kupeleka makato, saa 3, zinabaki mbili.

Weka karatasi mbili bega kwa bega. Ripoti inataka takwimu zivutwe na zioanishwe tarehe 22 hadi 24 ili zibaki siku za kufuatilia watu na kuandika. Yaani sehemu nzito ya ripoti inaangukia siku zilezile ambazo wewe huna nafasi, na siku ulizo na nafasi kidogo ripoti inakuwa imebakiza sehemu nyepesi. Hapo ndipo sababu yako ilipo. Tatizo ni tarehe, na tarehe ya mishahara haiwezi kusogezwa na yeye, wala na wewe. Sababu ya namna hii haimgusi yeye kama mtu, na haifungui mlango wa kujadiliana kama unajitahidi vya kutosha au la.

Karatasi hiyohiyo inakuonyesha unachoweza kutoa. Kwenye tarehe 26 una saa mbili. Ahidi moja. Ile nyingine iache, kwa sababu ahadi iliyojaza nafasi yote huvunjika kwa jambo dogo la kwanza, na msaada ulioahidiwa ukavunjika humwacha mwenzako pabaya kuliko hapana ya tangu mwanzo, maana atagundua tarehe 26 mchana akiwa na siku chache mkononi.

Saa moja ya tarehe 26 inatosha kazi gani? Inatosha kuipitia rasimu iliyokamilika: kuona kama jumla zinalingana na mfumo, kama kila kifungu kilichozidi kina maelezo, kama yale ambayo mkuu huyarudisha yameshajibiwa. Wewe umeifanya mwezi uliopita na ukaona alichorudisha, kwa hiyo jicho lako lina thamani ambayo mwenzako hawezi kuipata kwa mtu mwingine yeyote pale. Huo ndio msaada wa kweli: mdogo kwako, mkubwa kwake. Katika mwezi ambao tarehe 26 ni siku ya mapumziko, sema tangu sasa kwamba utaipitia siku ya kazi inayofuata, saa tatu hadi saa nne asubuhi. Usiache jambo hilo liwe la kukumbushana.

Msaada wa pili umo kwenye kumbukumbu yako ya mwezi uliopita. Unajua ulikwama wapi: kifungu gani hakikuwa na hati, nani hujibu kwa simu na nani hajibu mpaka umfuate. Kaa dakika 45 kabla ya tarehe 20 uandike ukurasa mmoja wa hatua, kisha umpe. Atakayepewa ripoti hiyo, hata kama ni mtu mgeni nayo kabisa, hatapoteza saa zile ulizopoteza wewe. Hii ni kazi ya mara moja. Ikiisha imeisha, haikurudii mwezi wa pili.

Wa tatu haukugharimu chochote, na mara nyingi ndio unaoondoa mzigo mkubwa zaidi: apendekeze kwa mkuu kwamba kwa miezi hii mitatu ripoti ifupishwe. Maelezo yaandikwe kwa vifungu vilivyozidi bajeti kwa kiwango watakachokubaliana, tuseme asilimia 10, na vingine viwekwe kwenye jedwali bila maneno. Watu huzunguka wakitafuta nani abebe kazi, wasiulize kama kazi yote ni lazima ibebwe kwa ukubwa uleule. Lakini angalia, hili analipeleka yeye, kwa sababu ripoti ni yake. Ukilipeleka wewe, utakuwa umeshaanza kuimiliki.

Na mkuu ndiye njia ya nne. Mtu aliyempangia mwenzako mradi ndiye aliyempunguzia muda wa ripoti, na ndiye mwenye uwezo wa kuipa mtu mwingine, kusogeza tarehe 29 au kuisimamisha. Mwenzako anajaribu kulimaliza kimya kimya baina yenu wawili jambo ambalo kwa haki ni la mezani kwa mkuu. Huenda anaona haya kuonekana ameshindwa. Jitolee kwenda naye, ukae pembeni, useme neno moja tu: kwamba tarehe za mishahara zinagongana na za ripoti. Usiende peke yako, na usiende kabla ya kuongea naye. Hatua hiyo moja, hata ikifanywa kwa nia njema, itasomwa kama umemshtaki, na uhusiano wenu utachukua muda mrefu kupona.

Kuna mambo matano yanayofanana na msaada ila si msaada. La kwanza ni "labda mwezi ujao", ambalo ni "nitaangalia" kwa nguo nyingine. La pili ni "nikipata nafasi nitakusaidia". Karatasi yako imeshakwambia nafasi hutaipata. La tatu ni kumtaja mwenzenu mwingine, "mwombe fulani", wakati fulani huyo hujamuuliza. Unakuwa umemtupia mtu mzigo akiwa hayupo, na jioni utakuwa na watu wawili wa kuwaomba radhi. La nne ndilo linalonasa watu wenye huruma kama wewe: "tugawane nusu kwa nusu". Ripoti hii haigawanyiki kwa nusu. Anayeoanisha ndiye anayejua kwa nini kifungu kimezidi, na anayeandika maelezo lazima ajue hilo. Mkigawana mtalazimika kuelezana kila tofauti, na saa saba zitageuka tisa, halafu ikirudishwa na mkuu hakuna anayejua ni ya nani. La tano ni kubadilishana kazi, yeye achukue kipande cha mishahara nawe uchukue ripoti. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni kukosa muda, hilo litaishia nawe ukiwa na vyote viwili.

Haya, kesho saa nne asubuhi. Mwendee ana kwa ana, mahali ambapo wengine hawasikii. Usianze kwa ujumbe wa maandishi. Hapana iliyoandikwa husomwa kwa sauti kali kuliko uliyokuwa nayo ulipoiandika. Na usizunguke. Watu wetu tuna desturi ya kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, kabla ya kufika kwenye jambo, na salamu hizo zina nafasi yake. Zikishapita, jibu liingie ndani ya sentensi mbili za mwanzo, kwa sababu kila dakika ya utangulizi inampandisha matumaini. Maneno yako yanaweza kuwa haya:

"Kaka, ripoti sitaweza kuichukua kwa miezi hii mitatu. Kuoanisha kunaangukia tarehe 22 hadi 24, ndani ya siku zangu za kufunga mishahara, ambazo haziachi hata nusu siku. Ninachoweza kukupa ni hiki: kila tarehe 26 nitakupitia rasimu kwa saa moja kabla haijaenda kwa mkuu, na kufikia tarehe 20 nitakuandikia ukurasa wa hatua za ripoti na mahali nilipokwama, umpe atakayeifanya. Na ukiamua kumweleza mkuu kuhusu muda, nitakwenda nawe. Wewe unaonaje, kipi kitakufaa?"

Tazama yasiyomo. Hamna "kwa sasa", maana "kwa sasa" humwalika arudi baada ya wiki mbili. Hamna pole tano. Ikitokea moja ni ya kibinadamu, lakini zikirundikana zinamfanya yeye aanze kukubembeleza wewe. Sababu ni moja. Ukiongeza ya pili na ya tatu, za mtoto nyumbani, za kichwa kuuma, atachagua ile dhaifu kuliko zote aijibu, na mtabaki mnajadili hiyo. Na swali la mwisho linamrudishia uamuzi: anachagua katika ulivyoweka mezani, hachagui kama utaichukua ripoti.

Baada ya hapo nyamaza. Huenda ukimya ukawa mrefu, na hapo ndipo watu huvunjika wakasema "basi, mwezi huu mmoja nitakusaidia". Mwezi mmoja wa kwanza ndio unaoifanya ripoti iwe yako, kwa sababu mkuu atakapoona jina lako kwenye barua pepe ya tarehe 29, maswali yote yatakuja kwako tangu siku hiyo.

Anaweza kukujibu, "Lakini ni saa mbili tu." Usibishane naye kuhusu saa. Mwonyeshe vipande: "Kuoanisha ni saa mbili kweli. Mwezi uliopita, kuvuta takwimu, kufuatilia hati, kuandika maelezo na kurekebisha kuliongeza nyingine tano." Kama una karatasi, mwachie, itamfaa hata atakapozungumza na mkuu, kwani huenda naye hajawahi kuona kazi yake mwenyewe imeandikwa hivyo.

Gumu zaidi ni hili: "Dada, mimi nilikufundisha mfumo wote ule." Hapa moyo wako utataka kulipa palepale. Deni hilo ni la kweli, usilikane wala usilipunguze. Mwambie: "Kaka, nakumbuka, na bila wewe nisingeijua kazi hii. Ndiyo maana nataka nikupe kitu nitakachokitimiza. Nikichukua ripoti, mwezi wa kwanza nitaichelewesha, na jina litakaloharibika ni lako." Hiyo si hila ya maneno. Hesabu yako imeshaonyesha kwamba ukijaribu kubeba vyote, kitu kitaanguka, na mishahara ya watu 140 haitakuwa kitu cha kwanza kuachiwa kianguke. Kitaanguka kile cha kuazima.

Inawezekana pia asiseme neno la namna hiyo. Mwaka 2008 Francis Flynn na Vanessa Lake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu anayeomba msaada hudhani wengi zaidi watamkatalia kuliko wanavyomkatalia kweli, kwa kuwa hatambui sawasawa ugumu anaoupata anayeombwa kukataa. Ukiligeuza jambo hilo upande wako, lina faraja: yamkini mwenzako hajui kwamba amekubana, na yamkini alikuja akiwa amejiandaa kusikia hapana kuliko ulivyojiandaa wewe kuitamka. Usimbebeshe hasira ya kukubana ambayo hana habari nayo.

Mkishaongea, siku ileile mwandikie mistari michache. Yeye peke yake. Ukimnakili mkuu kwenye ujumbe huu umegeuza mapatano kuwa ushahidi. Andika hivi:

"Kaka, asante kwa mazungumzo. Kama tulivyoelewana: ripoti inabaki kwako hadi wewe na mkuu mtakapoamua vingine. Mimi nitaleta ukurasa wa hatua kabla ya tarehe 20, na kwa miezi hii mitatu nitapitia rasimu tarehe 26, saa tatu hadi saa nne asubuhi. Nitumie rasimu kufikia jioni ya tarehe 25."

Sentensi ya "ripoti inabaki kwako" usiione kali ukaifuta. Bila hiyo, wiki tatu baadaye kila mmoja atakumbuka mazungumzo kwa namna yake. Na ile ya jioni ya tarehe 25 ndiyo inayolinda saa yako moja, kwa sababu hatari kubwa ya msaada mdogo ni kuvimba.

Uvimbe wenyewe huanza hivi. Tarehe 26 unafungua rasimu na kukuta nusu ya vifungu havijaoanishwa, na pembeni ameandika "hapa utanisaidia kuangalia". Ukioanisha, umeichukua ripoti kwa mlango wa nyuma. Pitia kilichokamilika kwa ile saa moja, weka alama kwenye vifungu vilivyobaki, umrudishie na maneno haya: "Nimepitia vifungu vilivyokuwa tayari, viko sawa isipokuwa viwili nilivyoviwekea alama. Hivi vingine bado havijaoanishwa." Usiongeze lawama, wala usijitolee kuvimalizia. Akifanya hivyo mwezi wa pili pia, ni dalili kwamba mradi umemzidi kabisa, na hapo mkumbushe ile ahadi ya kwenda wote kwa mkuu. Wakati huo atakuwa na sababu ya kuikubali kuliko alivyokuwa nayo mwanzo.

Ukurasa wa hatua upeleke kabla ya siku uliyoahidi, hata kwa siku moja. Siku ya kwanza baada ya hapana, mwenzako anapima kitu kimoja tu, kama ulichoahidi ulikimaanisha au kilikuwa kitambaa cha kufunikia kukataa. Ukurasa ulio mkononi mwake tarehe 19 unamjibu swali hilo bila wewe kusema lolote.

Anaweza kuwa mkimya siku mbili tatu. Mwache. Usimfuate kumuuliza "umenikasirikia?", kwani unamlazimisha ama aseme uongo ama ayafukue mambo ambayo yalikuwa yanatulia yenyewe. Ikifika siku ya nne bado yuko mbali, mwendee na jambo la kawaida la kazi, umuulize kitu cha mfumo ambacho anakijua kuliko wewe. Kama anakujibu kama zamani, mmeshavuka. Kama anakujibu kwa neno moja, na wiki nzima inakwenda hivyo, hapo keti naye useme waziwazi kwamba unaona umbali na ungependa kuelewa. Rudia kwamba unatambua alivyobanwa. Lakini jibu la ripoti usilifungue tena katika kikao hicho.

Mambo mawili yangebadilisha ushauri huu. Kama mkuu mwenyewe ndiye atakayekupa ripoti, huyo hakataliwi kwa maneno haya. Unampelekea ile karatasi ya saa 32 na kumuuliza kipi kisubiri, ripoti au kipande gani cha kazi yako. Na kama mwenzako angekuwa ameugua tena, ningekwambia ibebe, kwa mwezi huo mmoja, tarehe ya mwisho ikiwa imeandikwa. Ugonjwa haupangwi. Mradi wa miezi mitatu ulipangwa na mtu, na mtu huyo anaweza kuupangia nafasi.

Mwezi wa tatu, unapomrudishia rasimu ya mwisho, mwambie kabisa kwamba hiyo ndiyo ya mwisho kuipitia na umuulize kama ule ukurasa wa hatua unahitaji kuongezwa kitu kabla ripoti haijarudi mikononi mwake.